Mawimbi ya redio au ultrasaundi: ipi inakaza nini kwenye taya na kidevu

Ukiuliza mashine ipi ya kukaza ngozi inafaa zaidi kwa sehemu ya chini ya uso, kliniki nyingi zitakutajia ile waliyonayo. Jibu la kweli halipatikani mpaka ijulikane kinachoning'inia ni nini. Chini ya taya panaweza kuwa na ngozi iliyolegea, mafuta yaliyoteremka kutoka shavuni, msuli wa shingo uliolegea, au mfupa wa kidevu uliopungua kwa umri. Mara nyingi ni mchanganyiko. Mawimbi ya redio na ultrasaundi, kwa majina yote ya kibiashara yanayoyazunguka, yanafanya jambo moja tu: yanapeleka joto ndani ya ngozi. Joto linakaza. Halibebi kitu kutoka chini kukirudisha juu.

Msimamo wangu nauweka mapema ili usisome kwa kubahatisha. Kwa ngozi iliyolegea kidogo chini ya kidevu na mstari wa taya ulioanza kufifia, naanza na ultrasaundi yenye skrini inayoonyesha tabaka za ngozi. Kwa ngozi nyembamba yenye mikunjo midogo mashavuni na pembeni mwa mdomo, naelekea mawimbi ya redio ya aina inayotumia pedi ya mgongoni. Na kwa mfuko wa nyama uliokwisha kujitokeza pembeni mwa kidevu, ukashuka chini ya mstari wa taya, sichagui yoyote kati ya hizo mbili.

Joto linafika wapi

Nyuzi za kolajeni, zile zinazoipa ngozi uimara, zinapopata joto la kama nyuzi 60 hadi 70 za selsiasi husinyaa papo hapo. Mwili huchukulia mahali hapo kama jeraha dogo, na kwa miezi mitatu hadi sita hujenga kolajeni mpya. Hapo mashine zote zinafanana. Zinapotofautiana ni umbo la joto na kina chake.

Ultrasaundi inayokaza ngozi hukusanya mawimbi ya sauti kwenye nukta moja chini ya ngozi. Ngozi ya juu haiungui kwa sababu mawimbi yanapita hapo yakiwa bado yametawanyika. Kinachobaki ndani ni vinukta vya joto vyenye upana wa kama milimita moja, vimepangwa mstari kwa mstari, na kati yake tishu iko salama. Mashine ya Ulthera, ambayo ndiyo iliyochunguzwa zaidi katika kundi hili, ina vichwa vya kina cha milimita 1.5, 3.0 na 4.5. Kile cha 4.5 kinalenga kufika kwenye utando unaofunika misuli ya uso, utando uleule ambao daktari wa upasuaji huushika na kuuvuta anapoinua uso. Ndiyo maana matangazo husema "kuinua uso bila kisu". Tofauti wanayoiacha ni kwamba daktari anaukata utando ule, anauhamisha na kuushona mahali pa juu zaidi. Mashine inautia vinukta vya joto palepale ulipo.

Sofwave nayo ni ultrasaundi, lakini haikusanyi nukta kali kwenye utando wa misuli. Inapasha tabaka moja la ngozi ya ndani, kwenye kina cha milimita 1.5. Kwa kazi yake iko karibu zaidi na mawimbi ya redio kuliko na Ulthera. Wengi wanaozilinganisha kwa jina la ultrasaundi tu hukosea hapo.

Mawimbi ya redio yanapita njia nyingine. Umeme wa kasi kubwa unapitishwa mwilini, tishu inaukinza, na ukinzani huo unageuka joto. Katika aina ya Thermage mkondo unaingia kupitia kichwa cha mashine usoni na kutoka kupitia pedi iliyobandikwa mgongoni au pajani, huku gesi baridi ikipulizwa kulinda ngozi ya juu. Joto linasambaa kama tandiko pana, si vinukta, na kina chake hakipangwi kwa milimita kamili. Kinategemea ukubwa wa kichwa, nguvu iliyowekwa, na tishu yenyewe.

Zile mashine ndogo za saluni zenye vichwa viwili au vinne vya chuma ni mawimbi ya redio pia, lakini mkondo unaruka kutoka kichwa kimoja hadi kingine bila kwenda mbali. Kina chake ni kama nusu ya nafasi iliyo kati ya vichwa. Uso unatoka hapo ukiwa na joto, umevimba kidogo, mikunjo imejaa. Baada ya siku mbili tatu uvimbe unaisha, na sehemu kubwa ya "matokeo" inaondoka nao.

Kibali kinasema nini hasa

Njia rahisi ya kupima ahadi za kliniki ni kuangalia mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, iliidhinisha mashine ifanye nini. Thermage ilipata kibali mwaka 2002 kwa mikunjo ya kuzunguka macho, kisha 2004 kwa mikunjo ya uso. Mikunjo, si kuinua. Ulthera ilipata kibali cha kuinua nyusi mwaka 2009, na mwaka 2012 cha kuinua ngozi iliyolegea chini ya kidevu na shingoni. Mfuko wa taya haukutajwa.

Sasa angalia ukubwa wa huko kuinua. Uchunguzi wa Marekani uliochapishwa mwaka 2010 ulipima nyusi za watu 35 baada ya siku 90. Wastani wa kupanda ulikuwa milimita 1.7. Nyusi ni nyepesi na chini yake kuna mfupa wa kuegemea. Chini ya kidevu kipimo kilikuwa kingine: picha za ubavuni zililinganishwa, na eneo likipungua kwa milimita za mraba 20 au zaidi, hilo lilihesabiwa kuwa limeinuka. Milimita za mraba 20 ni kiraka cha milimita nne kwa tano. Kwa mwenye ngozi iliyolegea kidogo tu, kiraka hicho kinaweza kuonekana kwenye kioo. Kwa mwenye kidevu cha pili kilichojaa, hatakiona kamwe.

Uchunguzi mwingine wa sehemu ya chini ya uso, uliotoka mwaka 2014, ulikuwa na wagonjwa 93. Waamuzi wasiojua picha ipi ni ya kabla na ipi ni ya baada waliona nafuu kwa asilimia 58 ya wagonjwa baada ya siku 90. Wenye uzito mkubwa walifaidika kwa kiasi kidogo kuliko wengine. Soma takwimu hiyo upande wa pili: karibu watu wanne kati ya kumi walivumilia maumivu, na macho ya watu wa nje hayakuona tofauti. Hiyo ni kwa mashine nzuri, mikononi mwa wataalamu.

Kwa nini mfuko wa taya haukubali

Kwenye taya, kati ya kidevu na kona ya nyuma, kuna kano fupi zinazoibana ngozi kwenye mfupa. Mafuta ya shavu yanaposhuka kwa miaka, yanafika kwenye kano hizo na kuzuiwa, yanajikusanya nyuma yake na kuning'inia. Mbele ya kano panabaki shimo dogo, hasa mfupa wa kidevu ukiwa umepungua. Kwa hiyo unachokiona ni mambo mawili pamoja: uvimbe nyuma na bonde mbele. Kukaza ngozi juu ya vitu hivyo ni kama kupunguza foronya kidogo huku pamba yote imejikusanya kona moja. Foronya itabana, lakini pamba haihami.

Kuna wanaosema basi pandisha joto hadi kwenye mafuta yenyewe ili yapungue. Joto kali kweli linaua seli za mafuta. Shida ni kwamba uso unaozeeka unahitaji mafuta yake karibu kila mahali isipokuwa kwenye kile kifuko. Kichwa cha milimita 4.5 kikitumika juu ya shavu jembamba, au sindano ndogo zinazopeleka mawimbi ya redio ndani ya ngozi zikizamishwa kupita kiasi, matokeo ni mashavu yaliyobonyea, na uso unaonekana umechoka zaidi kuliko ulivyoingia. Mafuta hayo hayarudi yenyewe. Waliopungua kilo nyingi kwa haraka, wakiwemo wanaotumia sindano za kupunguza uzito, ndio wanaokimbilia mashine hizi kwa sababu ngozi imebaki kubwa kuliko uso. Ndio pia ninaowaonya zaidi. Kwao naona heri joto la juujuu, la milimita 1.5, au kusubiri uzito utulie kwanza.

Kuna jaribio la bure unaloweza kufanya leo. Kaa wima mbele ya kioo, angalia taya, kisha lala chali na kioo kidogo mkononi. Kama mfuko unatoweka ukilala na mstari wa taya unarudi safi, unachotamani ni tishu kuhamishwa, na hiyo ni kazi ya upasuaji. Kisha bana ngozi chini ya kidevu kwa vidole viwili. Ukishika mkunjo mwembamba, hiyo ni ngozi, na mashine ina la kufanya. Ukishika donge nene na laini, hayo ni mafuta. Mwisho onyesha meno ya chini kwa nguvu kama unayetamka "iii". Kamba mbili zikijitokeza shingoni, huo ni msuli, na joto la ngozi halitazilegeza. Botoksi huweza kuzituliza kwa miezi kadhaa.

Mfano mmoja mpaka mwisho

Tuchukue mwanamke wa miaka 47 mwenye ngozi ya maji ya kunde, kilo 68, urefu sentimita 163. Anasema uso umeshuka. Akikaa wima, mstari wa taya unaonekana hadi katikati, kisha unapotea karibu na kidevu. Ukibana chini ya kidevu unapata mkunjo mwembamba uliolegea. Kifuko cha taya kipo lakini kidogo, cha kushoto kinazidi cha kulia. Pembeni mwa mdomo kuna mikunjo myembamba, na mfereji unaoteremka kutoka kona ya mdomo. Akilala, kifuko kinapungua nusu. Akitamka "iii" hakuna kamba.

Huyu ni miongoni mwa wanaofaa, lakini si kwa kila anacholalamikia. Ngozi ya chini ya kidevu na ukingo wa taya ningempa ultrasaundi yenye skrini, kwa vichwa vya 4.5 na 3.0, mara moja. Juu ya mashavu ningetumia kina kifupi au nisiguse kabisa, kwa sababu hana mafuta ya ziada pale. Ile mikunjo midogo ya pembeni mwa mdomo ndipo mawimbi ya redio ya pedi yangemfaa zaidi kuliko ultrasaundi ya kina, na akiwa na fedha ya kitu kimoja tu, ningemwambia aiache hiyo kwanza. Mfereji wa mdomo hautajazwa na mashine yoyote. Unajazwa na filla, yaani jeli ya kujaza inayodungwa kwa sindano, au unaachwa. Kifuko cha kushoto nitamweleza kabla hajalipa kwamba kitabaki, huenda kikaonekana kidogo zaidi pindi ngozi inayokizunguka itakapobana.

Picha zinapigwa siku ile kabla ya kuanza: umbali uleule, taa ileile, meno yamefungwa bila kutabasamu, macho yakitazama mbele sawasawa. Kichwa kikiinuliwa kidogo tu, kidevu cha pili hupotea, na picha nyingi za "kabla na baada" zinaishi kwa ujanja huo. Anarudi mwezi wa tatu na wa sita. Kama mwezi wa sita hakuna tofauti kwenye picha, hakuna sababu ya kurudia mashine ileile kwa matumaini. Kama ipo, itashikilia mwaka mmoja au zaidi kidogo huku umri ukiendelea na kazi yake.

Dada yake wa miaka 61 mwenye vifuko vizito pande zote mbili na ngozi ya shingo inayokunjika angepata jibu fupi: mpaka wa mashine umepitwa. Gharama ya raundi tatu za joto ingekaribia ada ya daktari wa upasuaji, bila kumpa anachotaka. Nisieleweke vibaya, upasuaji nao una makovu na hatari zake, na mwenye historia ya keloidi masikioni lazima aseme mapema. Lakini hatari inayoweza kuleta matokeo ni biashara tofauti na hatari ndogo isiyoleta kitu.

Ngozi nyeusi, na suala la mkorogo

Hapa mashine hizi zina faida ya kweli juu ya leza nyingi. Leza huifuata rangi ya ngozi, kwa hiyo ngozi nyeusi hunyonya moto mwingi juu juu. Umeme na sauti havijali rangi. Ndiyo sababu zote mbili zinatumika kwa ngozi zetu bila kubadilisha kanuni ya msingi.

Hiyo haina maana kwamba haziunguzi. Kichwa kisipogusa ngozi vizuri, jeli ikiwa chache, au gesi baridi ikikatika, ngozi ya juu inapata joto lililokusudiwa chini. Kwa ngozi nyeusi, malengelenge madogo tu yanaweza kuacha doa jeusi la miezi. Mawimbi ya redio ya sindano yana hatari yake ya ziada: sindano zisizofunikwa kuanzia juu zinapasha moto njia yote, na zinaweza kuacha vidoa vilivyopangwa mistari. Mnamo Oktoba 2025 FDA ilitoa tahadhari rasmi kuhusu mashine za sindano za aina hii baada ya ripoti za kuungua, makovu, kupotea kwa mafuta na kuharibika kwa neva. Ukiahidiwa kuinuliwa taya kwa sindano za kina kirefu, tahadhari hiyo iwe mezani.

Na ukweli ambao wateja wengi wa kwetu huuficha: mkorogo. Krimu za kung'arisha zenye steroidi hupunguza unene wa ngozi, na ngozi iliyopungua haivumilii joto lilelile, wala haiponi ipasavyo. Mhudumu asiyekuuliza umepaka nini miezi iliyopita anapanga nguvu ya mashine akiwa gizani. Mwambie hata asipouliza.

Neva ya mdomo na mashine bila skrini

Kuna neva moja ya kuijua. Inapita ukingoni mwa taya na kuendesha msuli unaoshusha mdomo wa chini. Uma meno, utahisi msuli mgumu nyuma ya shavu, na mbele yake kidogo kwenye ukingo wa mfupa mapigo ya mshipa wa damu. Eneo hilo na mbele yake neva iko karibu na juu. Kichwa cha milimita 4.5 kikipigwa pale bila uangalifu, kesho yake unacheka na upande mmoja wa mdomo haushuki. Kwa kawaida hali hiyo hurudi yenyewe baada ya wiki kadhaa, lakini daktari lazima aione, na usikubali kuambiwa ni uvimbe wa kawaida bila kupimwa. Mawimbi ya redio ya pedi hayana nukta kali ya namna hiyo, na hiyo ni hoja mojawapo inayoyapendelea kwa mtu mwenye uso mwembamba sana.

Hapo ndipo skrini inapokuwa na thamani. Ulthera ya asili inaonyesha tabaka za ngozi kabla ya kila mstari, hivyo mtendaji anaona kama nukta itaangukia kwenye utando, kwenye mafuta au kwenye mfupa. Mashine nyingi zinazouzwa kwa jina la HIFU, yaani ultrasaundi kali inayokusanywa kwenye nukta, hazina picha hiyo. Zinapiga kina kilichoandikwa kwenye kichwa, na unene wa uso wako ni bahati yako. Simaanishi kila HIFU ni mbaya, lakini bei ya chini mara nyingi inatokana na kukosekana kwa jicho hilo.

Kabla ya kulala kwenye kitanda uliza mashine ni ipi na usome jina lake mwenyewe, kichwa kina umri gani wa matumizi na kimebakiza shoti, yaani mipigo, ngapi, na nani atakayeishika: daktari, muuguzi, au binti wa mapokezi aliyefunzwa wiki iliyopita. Sema kama una kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo au chuma taya ilipowahi kuvunjika. Mwenye kifaa cha moyo asitumie mawimbi ya redio kabisa. Omba usilazwe usingizi wala kupigwa ganzi nzito kwa mawimbi ya redio, kwa sababu maumivu yako ndiyo kipimo cha mwisho cha joto. Mtendaji anayekuuliza kila dakika "imezidi?" na kupunguza ukisema ndiyo, huyo anaijua kazi. Anayekuambia uvumilie ndipo ifanye kazi, inuka uondoke.